Protini ya ziada haigeuki misuli

Ukila mayai kumi kwa mkupuo, umepata takribani gramu 60 za protini. Utumbo utazifyonza karibu zote, ila misuli haina ghala la kuzihifadhi. Kwa mtu wa kilo 70 anayefanya mazoezi, gramu 28 hivi kwa mlo (0.4 kwa kila kilo) zinatosha kuchochea ujenzi wa misuli vizuri. Nyingi ya zinazobaki, ini huzivunja: naitrojeni inakuwa urea na kutoka kwenye mkojo, kilichosalia kinachomwa kama nishati, au kuwa mafuta ukiwa umeshiba kupita kiasi. Kinachoagiza misuli ikue ni mazoezi ya uzito. Kwa hiyo hayo mayai yagawe, matano asubuhi, matano jioni.