Ukurasa mmoja wa linki kwa muuzaji mdogo: jinsi ya kuufungua na kitufe gani kikae juu

Usianze na kufungua akaunti. Anza na linki ya WhatsApp, kwa sababu ndiyo itakayokaa juu kabisa. Mteja aliyeona mkoba kwenye picha yako na kubonyeza linki ya kwenye bayo ameshaupenda. Anataka kuuliza kama bado upo, na akikutana na historia ya biashara yako kwanza, anarudi alikotoka.

Linki yenyewe huandikwa hivi:

```
https://wa.me/NAMBA?text=Habari%2C%20naulizia%20mkoba%20wa
```

Penye NAMBA weka msimbo wa nchi na namba yako, bila alama ya kujumlisha, nafasi wala vistari. Sifuri ya mwanzo wa namba yako iondoe. Hapo ndipo wengi hukosea: ukiiacha, mteja ataambiwa namba hiyo haipo WhatsApp, naye hatakutafuta kukueleza. Kila %20 ni nafasi kati ya maneno, na %2C ni mkato. Sentensi nimeikatiza makusudi. Mteja anaikuta imeshaandikwa, anamalizia "ngozi nyeusi" na kutuma.

Sasa nenda Linktree, tovuti ya kutengenezea ukurasa wenye linki zako zote, ambako kuna mpango wa bure. Jisajili kwa barua pepe, kisha chagua jina lilelile unalotumia kwenye mtandao wako wa kijamii, ili anayekuja ajue hajapotea. Anwani yako itakuwa linktr.ee/ ikifuatiwa na jina hilo. Weka picha ileile ya wasifu, na chini yake mstari mmoja unaosema unauza nini.

Ongeza kitufe cha kwanza, ubandike linki ya WhatsApp. Kipe jina la kitendo: "Agiza mkoba hapa". Jina kama "WhatsApp" peke yake halimwambii mtu atapata nini akibonyeza. Cha pili kiwe orodha ya mikoba iliyopo na bei zake, kwa anayetaka kujua bei kabla ya kuzungumza. Cha tatu, jinsi unavyosafirisha na kupokea malipo. Vitatu vinatosha kuanzia. Linki ya Instagram usiiweke ikiwa wateja wako wanatokea hukohuko. Utakuwa unawarudisha nyuma.

Nakili anwani, fungua Instagram, ingia Edit profile, kisha Links, uibandike hapo. Halafu azima simu ya mtu mwingine na ujaribu kununua kwako mwenyewe, kuanzia kwenye picha hadi ujumbe uingie.

Baada ya wiki moja, tazama takwimu za Linktree. Tuseme watu 80 wamefungua ukurasa na 6 tu wamebonyeza kitufe cha juu, huku 40 wakienda kwenye bei. Wateja wako wanataka bei kwanza. Pandisha orodha juu, na mwishoni mwa orodha hiyo rudia linki ya kuagiza.