Kipande cha mahubiri kikisambazwa bila muktadha

Tuseme mchungaji wa Dodoma, mji wa zabibu, amesoma 1 Timotheo 5:23, ambapo Paulo anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, kisha wakosoaji wakakata sekunde chache na kudai kwamba anahimiza ulevi. Jibu linalofaa ni video ya dakika mbili au tatu, ambamo mchungaji mwenyewe, kwa sauti ya kawaida na bila kumtaja aliyekata, anaonyesha kipande hicho kwanza, kisha anacheza maneno yaliyokitangulia na yaliyokifuata.

Kiungo cha ibada nzima kielekezwe dakika mbili kabla ya kauli husika: ikiwa ilitamkwa dakika ya 33, kianzie dakika ya 31, yaani sekunde ya 1860, hivyo ongeza `?t=1860` mwishoni mwa kiungo cha YouTube, au `&t=1860` iwapo tayari kina alama ya kuuliza. Dakika hiyo itajwe pia ndani ya video, kwa sababu ikisambazwa WhatsApp kiungo hubaki nyuma. Usipunguze mwanzo wa rekodi baadaye, kwani muda wote utasogea. Na kama kauli yenyewe ilikuwa na kasoro, muktadha hautaiponya. Afadhali irekebishwe waziwazi.