Kutia rangi makohozi kwa njia ya Ziehl-Neelsen: kwa nini moto, na kwa nini asidi

Wanafunzi wanaoanza kazi ya maabara huniuliza swali hili mara kwa mara: ikiwa rangi za Gram huonyesha bakteria wa aina nyingi, kwa nini makohozi ya mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu yatiwe rangi kwa njia nyingine, tena yenye moto na asidi kali? Naona ni afadhali kulijibu swali hilo kwanza, kwa sababu anayeufahamu ukuta wa maikobakteria, kundi la bakteria ambalo wa kifua kikuu wamo, huelewa kila hatua inafanywa kwa nini, na hatua ikiharibika anajua atafute kosa wapi.

Ukuta huo una tabaka la peptidoglikani kama kuta za bakteria wengine, lakini juu yake limeshikizwa tabaka nene la asidi za maikoliki, ambazo ni mafuta yenye minyororo mirefu ya kaboni, kiasi cha 60 hadi 90 kwa molekuli moja. Tabaka hilo hufanya kazi kama nta. Kristali violeti inayotumika katika njia ya Gram imeyeyushwa katika maji, na maji hayapiti kirahisi kwenye nta, kwa hiyo rangi huingia kidogo tu au haiingii kabisa. Ukitazama makohozi yaliyotiwa rangi za Gram, maikobakteria wanaweza kuonekana kama mianya myembamba isiyo na rangi katikati ya uchafu mwekundu, au kama vijiti hafifu vyenye madoadoa ya zambarau mfano wa shanga. Ndiyo maana slaidi ya Gram yenye seli nyingi za usaha bila bakteria wowote haitoshi kukufanya useme kwamba hakuna kifua kikuu.

Mwaka 1882 Paul Ehrlich aligundua kwamba bakteria hawa, wakishapokea rangi, hawaiachii hata wakioshwa kwa asidi. Franz Ziehl akaleta matumizi ya fenoli, na Friedrich Neelsen akatumia asidi ya salfuriki. Msingi wa njia yao ni mmoja: ukuta unaoizuia rangi kuingia ndio huohuo unaoizuia kutoka, mradi tuwe tumeifungulia mlango kwanza.

Hatua ya 1: Kupaka smia, yaani tabaka jembamba la makohozi kwenye slaidi. Chagua sehemu ya makohozi iliyo nzito na yenye usaha, si mate, kwa kuwa bakteria hukaa humo. Itandaze katikati ya slaidi mpya kwa eneo la sentimita 3 kwa 2. Unene unaofaa ni ule ambao, smia ikishakauka, ukiishika slaidi juu ya karatasi yenye maandishi ya chapa, unaweza kuyasoma kwa taabu kidogo. Acha ikauke yenyewe hewani, kisha ipitishe juu ya mwali mara 3 ili ishikamane na kioo. Usiipashe moto ikiwa bado mbichi, kwa sababu huweza kutoa matone madogo yenye bakteria walio hai.

Hatua ya 2: Kaboli fuksini na moto. Panga slaidi juu ya reli zisigusane, kisha funika kila smia yote kwa kaboli fuksini ya asilimia 1 iliyochujwa. Pitisha mwali chini ya slaidi mpaka mvuke uonekane ukipanda, kisha ondoa mwali. Rangi isichemke. Iache kwa dakika 10, na ukiona inapungua, ongeza kabla smia haijakauka. Hapa ndipo mlango unapofunguliwa: fenoli iliyomo katika kaboli fuksini huisaidia rangi kuchanganyika na mafuta ya ukuta, na joto huyalegeza mafuta hayo ili rangi ipite. Slaidi ikipoa, ukuta hukaza tena na rangi hubaki ndani. Ikichemka au kukauka, huacha fuwele nyekundu ambazo msomaji asiye makini huweza kuzidhania kuwa bakteria.

Hatua ya 3: Asidi. Suuza kwa maji taratibu, kisha funika kwa asidi ya salfuriki ya asilimia 25 kwa dakika 3. Unapoitengeneza asidi hiyo, mimina asidi ndani ya maji polepole, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Suuza tena. Smia ikiwa bado nyekundu sana, rudia asidi kwa muda mfupi. Seli za usaha na bakteria wa kawaida hupoteza fuksini yote hapa.

Hatua ya 4: Rangi ya nyuma. Funika kwa methilini buluu ya asilimia 0.1 kwa dakika 1, suuza, na uache ikauke. Usiizidishe, kwa sababu buluu nzito hufunika vijiti vyekundu vilivyo chini yake.

Kila kundi la slaidi liwe na slaidi moja inayojulikana kuwa na bakteria na moja inayojulikana kuwa haina. Nitaeleza kisa kilichonifanya nilishike jambo hili kwa nguvu. Siku moja, katika kundi la slaidi 12, slaidi yetu ya udhibiti yenye bakteria ilitoa vijiti vya waridi hafifu, vichache mno kuliko kawaida. Mwenzangu alishuku asidi imekaa muda mrefu, lakini maikobakteria waliopokea rangi vizuri hawaiachii kwa dakika moja au mbili za ziada. Tukachukua slaidi mbili mpya za udhibiti kutoka sampuli ileile. Ya kwanza tuliitia fuksini ya chupa ileile na kuipasha mpaka mvuke ukapanda. Ya pili tuliitia fuksini hiyohiyo na kuipasha vuguvugu tu. Ya kwanza ilitoa vijiti vyekundu vilivyokoza, ya pili ikarudia uhafifu uleule. Fuksini na asidi vilikuwa salama; kosa lilikuwa moto. Majibu ya kundi zima yalizuiwa na smia zote zikapakwa upya.

Hatua ya 5: Kusoma. Tumia lenzi ya mafuta ya 100, na ncha ya chupa ya mafuta isiguse slaidi, kwani huweza kuhamisha bakteria kwenda slaidi nyingine. Tuseme umepita viwanja 100, yaani maeneo 100 yanayoonekana kwa hadubini kila unaposogeza slaidi, na kuhesabu vijiti vyekundu 37: jibu ni 1+, kwa kuwa daraja hilo ni la vijiti 10 hadi 99 katika viwanja 100. Ukikuta kati ya 1 na 9, andika idadi yenyewe. Vijiti 1 hadi 10 kwa kila uwanja, baada ya kutazama angalau viwanja 50, ni 2+, na zaidi ya 10 kwa kila uwanja, katika viwanja 20, ni 3+.

Jibu la kutoonekana bakteria katika viwanja 100 lisomwe kwa uangalifu, kwa sababu hadubini huhitaji takriban bakteria 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ili waonekane. Vilevile, rangi hii haitofautishi bakteria wa kifua kikuu na maikobakteria wengine, wala aliye hai na aliyekufa. Kwa hiyo mgonjwa aliye katika matibabu anaweza kuendelea kutoa vijiti vyekundu ambavyo havioti tena kwenye kilimo cha maabara.