Somo: GPA ya mwaka wa kwanza inavyokufungia au kukufungulia daraja la shahada

Natumia mfumo wa vyuo vikuu vingi vya Tanzania: A ni pointi 5, B+ 4, B 3, C 2. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu (apa sekondi) 3.5, la pili la chini 2.7, na la kupita 2.0.

Hatua ya 1: zidisha kwa krediti. Hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme umepata B+, B na C katika kozi tatu za krediti 12 kila moja, na A katika kozi ya krediti 8. Ukijumlisha pointi na kugawa kwa nne unapata 3.5, unafurahi. Hesabu halisi ni hii:

```
(12×4 + 12×3 + 12×2 + 8×5) / 44 = 148 / 44 = 3.36
```

Inaandikwa 3.3, maana vyuo vingi hukata desimali bila kukadiria juu. Hata 3.49 inabaki 3.4. Sasa badilisha: A iwe kwenye krediti 12, C kwenye 8. Gredi ni zilezile, ila unapata 3.6. Kwa hiyo kabla ya kugawa muda wa kusoma, angalia krediti.

Hatua ya 2: pigia hesabu hadi mwaka wa tatu. Chukua shahada ya krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Umemaliza mwaka wa kwanza na 3.0, hivyo una pointi 360. Apa sekondi inataka 360×3.5, yaani 1260. Zimebaki 900 kwenye krediti 240: wastani wa 3.75 kwa miaka miwili. Ni kazi, lakini inawezekana.

Daraja la kwanza? Linataka 1584. Zimebaki 1224, ukigawa kwa 240 unapata 5.1. Hata ukipata A tupu hufiki. Mlango umefungwa mwaka wa kwanza, na wengi hugundua wakiwa wa tatu.

Hatua ya 3: lenga mipaka. Kama A inaanzia 70, basi 60 na 69 zote ni B+. Kozi uliyo na 68 ndiyo ya kuongezea nguvu.

Maswali

*Nikipata sapu halafu nikafaulu vizuri, inanibeba?*
Haikubebi sana. Kwa kawaida sapu haivuki C, hata ukiandika 80. Umeokoka kukeri, ila pointi ni 2.

*Mimi niko Nairobi, hesabu hii inanihusu?*
Huko vyuo vingi hutumia wastani wa asilimia: 70 daraja la kwanza, 60 la pili la juu. Kwa hiyo kwako 69 na 60 hazilingani kabisa, kila alama inahesabika.

*Mwaka wa kwanza nina 3.2, niache ndoto ya daraja la kwanza?*
Piga: 384 + 1200 = 1584. Unafika 4.4 kamili, kwa A kila kozi bila B+ hata moja. Mimi ningelenga 3.8.