Kabla hujahamisha rundo la mawe, mtafute nge usiku

Kaka alitaka tuhamishe mawe ya msingi yaliyokaa nyuma ya nyumba huku Makunduchi tangu masika, nkamwambia ngoja, usiku mmoja tu, tukague kwanza. Rundo likikaa muda nge huhamia ndani, na mkono ukiingia chini ya jiwe huoni kitu.

Cha kwanza tochi. Kuna vitochi vya UV, mwanga usioonekana kwa macho ila huja na zambarau kidogo, kama vile wanavyokagulia noti bandia, tafuta ya nanomita 365 ukipata, ya 395 nayo inafanya kazi ila zambarau yake inapiga sana macho. Nenda giza limekolea, mwezi hakuna, usimulike macho ya mtu. Ngozi ngumu ya nge ina kemikali zinazopokea mwanga ule usioonekana na kuurudisha kijani, basi anawaka kama taa. Faida anayopata yeye wataalamu bado wanabishana, wengine wanasema mwili wake unamsaidia kuhisi mwanga ajue wakati wa kujificha. Kuwa makini, ngozi aliyoivua nayo inawaka vile vile, iguse kwa kijiti kirefu, ikiwa tupu itabingirika tu.

Sasa hapa ndo watu wanapokosea. Sie tulimwona mmoja chini ya jiwe la tatu, kijani kotekote isipokuwa mgongoni, pale palikuwa na kitu cheupe kisichowaka, kaka akadhani ni uchafu. Tukawasha tochi ya kawaida, mashallah, watoto wamejazana kama punje za mchele! Nge hatagi, anazaa, na watoto wanapanda mgongoni wanakaa hapo wiki moja mbili mpaka wajivue ngozi mara ya kwanza. Ngozi yao bado laini, ndo maana haiwaki, wakishajivua na ikakomaa wanaanza kuwaka na muda si mrefu wanashuka kila mmoja na njia yake. Kwa hiyo mama ukimpiga kandambili watoto wanatawanyika na tochi yako haiwaoni. Mfunike na kopo, pitisha kipande cha bati chini, mpeleke mbali maweni.

Kuuma anauma kwa mkia, si kwa magando, yale ya kushikia tu. Mkia unapinda juu ya kichwa, kwenye ncha kuna kifuko chenye tezi mbili, misuli inaminya sumu inapita kwenye mwiba, na anaweza kutoa kidogo au nyingi anavyotaka. Wenye magando membamba na mkia mnene waogope zaidi, wao wanategemea sumu.

Asubuhi ya kazi vaeni viatu vya kufunika na glavu nene, jiwe ligeuzwe kwa mtalimbo. Akiuma, osha na sabuni, weka kitambaa cha baridi, usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mtoto mdogo mpelekeni hospitali hapo hapo msingoje, na mtu mzima pia akianza kutokwa mate, macho kuzungukazunguka au pumzi kubana.