Mkopo wa gari wenye mkupuo wa mwisho: anza na hesabu ya siku ya mwisho

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, mkopo huu ulinitoa jasho. Nililipa kila mwezi bila kuchelewa hata mara moja, kisha ikaja barua ya kudai mkupuo wa mwisho, yaani sehemu ya deni inayolipwa kwa mara moja siku ya mwisho. Muuzaji aliyelikagua gari akalikadiria bei ndogo kuliko mkupuo wenyewe. Mkopeshaji naye alikuwa tayari kuniongezea muda, ila kwa riba ya juu zaidi. Ndiyo maana naandika.

Kuomba mkopo si kazi: kitambulisho, uthibitisho wa mshahara, taarifa za benki, sahihi. Shida iko kwenye hesabu. Tuliozoea mikopo ya SACCOS tunajua kwamba rejesho la mwisho likikatwa, deni limekwisha. Huu haumaliziki hivyo. Sehemu ya deni inawekwa kando hadi siku ya mwisho, na muda wote huo inatozwa riba.

Tuchukue mfano. Unakopa 20,000 kwa miezi 48, riba ya asilimia 6 kwa mwaka, yaani asilimia 0.5 kwa mwezi, juu ya salio. Mkupuo wa mwisho ni 8,000. Wengi huondoa 8,000 na kupiga hesabu ya 12,000 peke yake, wakapata rejesho la 281.82. Hapo ndipo mtego ulipo. Ile 8,000 uliyoiweka kando inadai riba ya 40 kila mwezi, na haipungui hata senti moja. Rejesho halisi ni 281.82 jumlisha 40, yaani 321.82. Kwa miezi 48, riba ya mkupuo peke yake ni 1,920, na mkupuo wenyewe bado unakusubiri.

Kwenye Excel andika hivi, uhakikishe husahau alama ya kutoa:

```
=PMT(0.06/12, 48, -20000, 8000)
```

Mkopo uleule bila mkupuo ungekuwa na rejesho la 469.70. Ukijumlisha riba yote, wa kawaida unakugharimu karibu 2,546, na wenye mkupuo karibu 3,447. Unafuu wa kila mwezi umeununua kwa takriban 900.

Sasa mtego wa pili, ambao ni mbaya zaidi. Huku kila kitu kinauzwa kwa mwezi: simu, kitanda, hata bima ya mbwa. Muuzaji hakuulizi gari ni bei gani, anakuuliza kwa mwezi unaweza ngapi. Sipendi desturi hii, maana inamfundisha mtu kusahau jumla. Ukijibu "mia tatu", atakubali kwa tabasamu, kwa sababu anachofanya ni kuusukuma upungufu wako mwishoni:

```
=FV(0.06/12, 48, 300, -20000)
```

Jibu ni 9,180.43. Umepunguza rejesho kwa 21.82 tu, mkupuo umepanda kwa 1,180. Katika mkopo huu, kila 1 unayoipunguza kwa mwezi inarudi mwishoni ikiwa takriban 54, kwa kuwa ni miezi 48 pamoja na riba yake. Narudia: usitaje rejesho unaloliweza kabla hujauliza mkupuo utakuwa kiasi gani.

Kwenye mkataba, soma kama mkupuo unalipwa pamoja na rejesho la 48 au mahali pake. Katika mfano wetu vinalipwa siku moja, kwa hiyo siku hiyo unatakiwa kuwa na 8,321.82. Soma pia kama unaruhusiwa kurudisha gari badala ya kulipa. Iko mikataba inayoruhusu, kwa masharti ya kilomita na hali ya gari, na iko isiyoruhusu kabisa. Ahadi ya mdomo ya karani haikusaidii. Kama haimo kwenye karatasi, haipo.

Mdogo wangu aliyefika juzi ananiambia, "Kaka, rejesho dogo, nyingine nitaweka akiba." Mdogo wangu, tupige hesabu. Kupata 8,000 kwa miezi 48 unahitaji kuweka 166.67 kila mwezi. Jumlisha na 321.82, ni 488.49, zaidi ya rejesho la mkopo wa kawaida. Akiba yako ingelazimika kukulipa riba ileile ya asilimia 6 ndipo mlingane, na akaunti ya kawaida ya akiba ni nadra kulipa kiasi hicho. Na nyumbani nao wakiona gari jipya kwenye picha, hawataacha hiyo 166 ilale.

Kama tayari umo ndani, usingoje barua. Miezi sita kabla, andika kuomba salio la kufunga mkopo, uliza kama malipo ya ziada yanapunguza mkupuo na kama yana adhabu, kisha peleka gari likakaguliwe bei sehemu mbili tofauti. Bei ikiwa chini ya mkupuo, tofauti hiyo ndiyo unayotakiwa kuanza kuitafuta sasa, wakati ungali na miezi mkononi.