Mambo ya kuzingatia kabla ya kukadiria thamani ya mkataba wa dola ambao haujaiva

Kampuni nyingi za utalii hapa Arusha hupokea dola kutoka kwa wageni, ilhali mishahara ya madereva, dizeli na mboga za soko la Kilombero hulipwa kwa shilingi. Kwa hiyo baadhi yao huingia na benki mkataba wa fowadi, yaani makubaliano ya leo ya kuuza dola siku fulani ya mbele kwa bei isiyobadilika. Miezi kadhaa baadaye, safari zikiahirishwa au mkaguzi akija kufunga hesabu, huulizwa mkataba ule una thamani gani sasa, na hapo ndipo wengi hukosea.

Tuchukue mfano wenye namba za kubuni. Tarehe 6 Januari kampuni ilikubali kuuza dola 50,000 tarehe 6 Oktoba kwa shilingi 2,700 kila dola, wakati bei ya siku hiyo ilikuwa 2,587. Leo ni tarehe 7 Aprili na bei ya sokoni ni 2,640. Mhasibu anatoa 2,640 katika 2,700, anapata shilingi 60, anazidisha kwa 50,000 na kuandika faida ya shilingi 3,000,000. Hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu inalinganisha shilingi zitakazopokelewa Oktoba na bei ya dola zinazokabidhiwa leo.

Kabla ya kushika kikokotoo, soma kwanza karatasi ya mkataba na uhesabu siku zilizobaki, si zile zilizokwisha kupita. Hapa zimebaki siku 182. Riba unayohitaji ni ya muda huo uliobaki kwa viwango vya leo, kwani riba iliyotumika Januari imekwisha kufanya kazi yake ya kupanga bei ya 2,700. Bahati nzuri ni kwamba Serikali huuza dhamana za muda mfupi za siku 182 kupitia Benki Kuu ya Tanzania, hivyo matokeo ya mnada wake ni mahali pazuri pa kuanzia kwa upande wa shilingi.

Jambo la pili, ambalo ndilo husahaulika zaidi, ni kwamba dola nazo zina riba yake. Mwenye dola leo anaweza kuziweka zikazaa mpaka Oktoba, kwa hiyo ili kuwa na dola moja siku hiyo anahitaji pungufu ya dola moja leo. Tuseme riba ya shilingi ni asilimia 10 kwa mwaka na ya dola ni asilimia 4. Kwa nusu mwaka ni asilimia 5 na 2. Kwa muuzaji wa dola, hesabu ni hii:

```
V = K/(1 + r*t) - S/(1 + d*t)
V = 2700/1.05 - 2640/1.02
V = 2571.43 - 2588.24 = -16.81
```

V ni thamani ya mkataba kwa kila dola, K ni bei ya mkataba, S ni bei ya leo, r ni riba ya shilingi, d ni riba ya dola, na t ni sehemu ya mwaka iliyobaki. Kwa dola 50,000, kampuni haina faida ya milioni tatu. Ina deni la takriban shilingi 840,000. Mnunuzi, ambaye ni benki, ana thamani hiyo hiyo upande wa faida. Na anayeisahau riba ya dola ataacha 2,640 kama ilivyo na kupata deni la zaidi ya shilingi 3,400,000, kosa kubwa la upande wa pili.

Hakikisha jibu kwa njia nyingine. Mkataba mpya wa leo wa kukabidhi Oktoba ungekuwa na bei ya 2,640 × 1.05 ÷ 1.02, yaani 2,717.65. Wewe umefungwa kwenye 2,700, pungufu kwa shilingi 17.65 zitakazokosekana Oktoba. Ukizigawa kwa 1.05 unarudi kwenye 16.81. Njia hizi mbili zisipokubaliana, mara nyingi riba ya mwaka mzima imetumika mahali pa nusu mwaka.

Ikiwa lengo lako ni kuuvunja mkataba na si kujaza vitabu tu, usitumie bei ya katikati, yaani ile iliyo kati ya bei ambayo benki inanunulia dola na ile inayouzia. Aliyeahidi kuuza dola hujitoa kwa kuzinunua tena, kwa hiyo bei inayomhusu ni ile ambayo benki inauzia. Benki ikiuza kwa 2,655, deni linafika takriban shilingi 1,576,000, karibu mara mbili ya la kwanza, kabla ya ada yoyote. Omba bei hiyo kwa maandishi pamoja na saa iliyotolewa, kwa sababu bei ya asubuhi huenda isiwepo tena alasiri.